Shajara ya akiba ya dharura katika karakana yetu: mwezi wa 1 hadi wa 17

Karakana yetu inatengeneza mota za umeme na pampu za maji. Kazi kubwa ni kusuka upya koili zilizoungua, kazi ambayo mafundi wenyewe huiita kuwaindi, pamoja na kubadilisha beringi na sili. Tuko wanne: mimi mwenye biashara, mafundi wawili na karani mmoja anayepokea wateja na kutunza vitabu. Nimeandika shajara hii tangu siku nilipoamua kwamba biashara lazima iwe na akiba yake yenyewe, iliyo mbali na akiba ya nyumbani kwangu, ya kuivusha nikiugua au mwezi mmoja ukiharibika kabisa.

Kiasi halisi cha fedha zetu hakitamsaidia mtu mwingine. Kwa hiyo nimechukua wastani wa mauzo ya mwezi mmoja, nilioupata kwa kuhesabu miezi 24 iliyopita, nikauita 100, na tarakimu zote zinazofuata zinapimwa kwa kipimo hicho. Mwenye biashara ndogo au kubwa anaweza kuweka hesabu zake mahali pa zangu.

Mwezi wa 1, wiki ya kwanza

Kilichonisukuma ni homa iliyonilaza siku 11 mwaka jana. Siku ya mishahara ilinikuta kitandani, na karani akalipa kutoka kwenye fedha zilizokuwamo katika akaunti ya biashara. Wiki iliyofuata mteja mmoja aliyekuwa ametanguliza nusu ya bei ya kazi yake alichoka kusubiri, akadai arudishiwe fedha zake. Hazikuwapo, kwa sababu ndizo zilizokuwa zimelipa mishahara. Nilimrudishia kwa kukopa kwa ndugu, na aibu ile ninaikumbuka mpaka leo.

Kwa hiyo jambo la kwanza wiki hii halikuwa kuweka fedha, lilikuwa kujua ni fedha zipi zilizo zetu. Salio la akaunti lilisoma 31. Nilikaa na karani tukaondoa malipo ya awali ya kazi ambazo hatujazimaliza, yaani 14, kisha kodi tunayodaiwa, yaani 6, kisha vipuri tulivyochukua kwa mkopo na ambavyo muda wake wa kulipwa unafika mwezi huu, yaani 7. Kilichobaki ni 4. Kwa miaka yote niliyokuwa nikitazama salio na kulala usingizi, biashara ilikuwa na chini ya siku mbili za mapato yake. Tangu leo karani anaandika hesabu hii kila Jumatatu kwenye ukurasa mmoja, na mimi ninautazama ukurasa huo kabla ya kutazama salio la benki.

Mwezi wa 1, wiki ya tatu

Nimesikia mara nyingi kwamba biashara inapaswa kuwa na akiba ya miezi 3 ya matumizi. Matumizi yetu ya mwezi ni 95, hivyo miezi 3 ni 285. Biashara inayobakiwa na 5 kwa mwezi ingehitaji karibu miaka 5 kufika huko, na ninaamini kwamba watu wengi hawaanzi kwa sababu wameonyeshwa mlima wa namna hiyo. Nimeamua kuhesabu upya, kwa kuuliza kila janga lingetunyima kiasi gani hasa.

Kwanza nimetenganisha gharama zinazofuata mauzo na gharama zisizokwepeka. Waya wa shaba, beringi, vanishi na umeme wa mashine hufuata kazi: kazi ikipungua, nazo hupungua. Hizo hula 45 katika kila mauzo ya 100, hivyo kila mauzo ya 100 hutuachia 55 ya kulipia mengine. Gharama zisizokwepeka ni pango 9, mishahara 20, rejesho la mkopo wa mashine 5, umeme wa lazima 2, simu na bima 2. Jumla ni 38. Juu yake nimeongeza posho yangu, kwa sababu mgonjwa naye hula na watoto wake huenda shule. Kwa kawaida ninachukua 12, lakini nimekaa na mume wangu tukakubaliana kwamba katika dharura nyumba inaweza kujibana ikaishi kwa 9. Kwa hiyo mzigo wa mwezi wa dharura ni 47. Mtu asiyeihesabu posho yake ataikuta akiba imeisha mapema, kwa kuwa atachukua fedha hizo vyovyote vile, ila atazichukua bila mpango.

Kisha nimepima ugonjwa. Nimechukulia kwamba siko kazini miezi 3 na kwamba karakana bila mimi inaweza kuuza 40. Mauzo ya 40 huacha 22, mzigo ni 47, pengo ni 25 kwa mwezi, na kwa miezi 3 ni 75. Nikirudi, wateja hawarudi siku hiyo hiyo. Mwezi wa nne nimeukadiria kwa mauzo ya 70, ambayo huacha 38.5, na pengo la mwezi huo ni 8.5. Jumla ni kama 84.

Kipimo cha pili ni mwezi mmoja mbaya sana, nikiwa mzima na kazi ikiwa haipo. Hapa kuna mtego ambao sikuuona mpaka nilipouandika: nusu ya vipuri vyetu tunavichukua kwa mkopo wa siku 30, hivyo mwezi mbaya hubeba deni la vipuri vya mwezi mzuri uliotangulia. Tukipokea 35 tu, tutatakiwa kulipa mzigo wa 47, deni la mwezi uliopita la 21, na vipuri vya fedha taslimu 8. Pengo ni 41. Sehemu ya pengo hilo itajirudisha mwezi unaofuata, maana deni la vipuri litakuwa dogo, lakini mishahara ya mwezi mbaya haiwezi kulipwa kwa fedha za mwezi ujao. Nikiongeza mteja mmoja mkubwa anayechelewesha malipo ya 15 kwa wakati huo huo, ninafika 56.

Majanga haya mawili sitayajumlisha, kwa sababu akiba ya kustahimili yote kwa pamoja ingekuwa kubwa kuliko biashara hii inavyoweza kubeba. Nimechukua lililo kubwa. Shabaha ni 84.

Mwezi wa 1, mwisho

Njia ya kuweka ni asilimia 4 ya kila malipo yanayoingia, na karani anayahamisha jioni ya siku hiyo hiyo. Nilifikiria kusubiri mwisho wa mwezi na kuweka kinachobaki, lakini nimeishi na biashara hii muda mrefu wa kutosha kujua kwamba mwisho wa mwezi hakibaki kitu. Kila fedha iliyo mbele ya macho hupata kazi. Asilimia ina faida nyingine: mwezi ukiwa mdogo, mchango nao ni mdogo, na hakuna anayelazimika kuvunja ahadi.

Malipo ya awali hayakatwi asilimia hiyo mpaka kazi ikamilike na mteja aichukue. Mpaka hapo fedha ni zake.

Akiba ya kwanza: 4.

Mwezi wa 3

Tulikuwa na rafu mbili za vipuri ambavyo havijaguswa kwa zaidi ya mwaka: beringi za mashine ambazo wateja wetu wameacha kuzitumia, feni za kupoza mota, na mabaki ya waya wa vipimo vya ajabu. Tumeviuza kwa hasara kwa karakana nyingine na kwa wanunuzi wa shaba chakavu, tukapata 9, na zote zimeingia katika akiba. Nilisita kuuza chini ya bei niliyonunulia, lakini beringi iliyolala rafuni haiwezi kumlipa fundi siku ya mshahara.

Akiba imefika 21. Ni mshahara mmoja kamili wa watu watatu na ziada kidogo. Nimewaambia wafanyakazi kwamba fedha hizo zipo na kazi yake ni ipi.

Mwezi wa 5

Hili ni kosa langu na ninaliandika kama lilivyotokea. Muuzaji wa waya wa shaba alitupa punguzo zuri kwa sharti la kulipa taslimu siku hiyo. Nilitoa 6 kutoka katika akiba, nikijiambia kwamba shaba haiozi na kwamba punguzo lile ni faida ambayo akiba ingejipatia. Wiki mbili baadaye mteja wetu mkubwa alichelewesha malipo, tukapungukiwa fedha za pango, na zile 6 zilikuwa zimekaa rafuni katika umbo la mizinga ya waya. Nilimwomba mwenye nyumba siku 9. Alikubali, lakini lile lilikuwa ombi ambalo akiba iliwekwa ili nisilazimike kulitoa.

Kutokana na hilo tumeandika kanuni za kutoa fedha kwenye karatasi moja, nami nimeisaini pamoja na karani. Akiba hufunguliwa katika hali mbili tu. Ya kwanza ni mimi kuwa nje ya kazi kwa zaidi ya siku 5 za kazi. Ya pili ni mapokezi ya fedha kuwa chini ya 40 ifikapo tarehe 20 ya mwezi. Tumechagua tarehe hiyo kwa kutazama vitabu: katika miezi ya kawaida tunakuwa tumeshapokea kama 62 kufikia hapo, na kungoja mwisho wa mwezi kunatuacha bila muda wa kuzungumza na wanaotudai. Ikishafunguliwa, hulipa kwa mfuatano wa mishahara, pango, rejesho la mkopo na posho yangu. Hailipi punguzo, hainunui mashine, na haimkopeshi mtu yeyote, hata mimi.

Ile 6 itarudishwa kwa miezi miwili, 3 kila mwezi. Inawezekana kwa sababu waya upo na manunuzi yatapungua.

Mwezi wa 7

Waya umelipwa. Akiba ni 37.

Tumeigawa mahali pawili. Kiasi cha mshahara mmoja, yaani 20, kiko katika akaunti inayotoa fedha siku hiyo hiyo. Kinachozidi kiko katika akaunti ya akiba inayohitaji taarifa ya siku 7 kabla ya kutoa, na inayolipa riba kidogo. Siku hizo 7 zinanilinda na mimi mwenyewe, na hazidhuru, kwa sababu mshahara mmoja unapatikana mara moja. Nilishauriwa kuweka fedha mahali penye faida kubwa zaidi ambapo thamani hupanda na kushuka. Nimekataa, maana mwezi mbaya kwetu unaweza kuwa mwezi mbaya kwa wote, na nitalazimika kuuza wakati thamani imeshuka.

Mwezi wa 9

Mwezi huu tumefanya jaribio, na ndilo lililobadilisha mradi mzima. Nilikaa nyumbani siku 6 za kazi, nikazima simu, na nikawaambia wafanyakazi wachukulie kwamba nimelazwa na siwezi kuulizwa neno. Nilichagua wiki yenye siku ya mishahara makusudi.

Jambo la kwanza lililoshindikana ni fedha zenyewe. Akaunti zote mbili ziliruhusu saini moja tu, nayo ni yangu, na namba ya siri ya kuhamisha fedha kwa simu nilikuwa ninaijua mimi peke yangu. Karani alikuwa na jukumu la kulipa, kanuni zilikuwa ukutani, akiba ilikuwa imefika 45, na hakuna aliyeweza kuigusa. Niliporudi aliniambia, "Mama, pesa ipo, lakini ni kama imefungiwa ndani na ufunguo umelala nao wewe." Miezi 9 nilikuwa ninajenga akiba ya kunisaidia nikiugua, ambayo ingefunguka tu nikiwa mzima.

Jambo la pili lilikuwa mauzo. Wiki ya kawaida hutuletea kama 23. Wiki ya jaribio ilileta 6. Mota ziliingia kama kawaida, zikapimwa, ubovu ukajulikana, kisha zikasimama. Kazi 9 zilikuwa zikisubiri makadirio ya bei, na wateja wawili walibeba mota zao wakaondoka. Nilimwuliza fundi wetu mkubwa, ambaye ni mtu mzima na kazi anaijua kunishinda, kwa nini hakutaja bei. Alijibu, "Mota naijua, mama. Bei siijui. Nikitaja ndogo nitakutia hasara, nikitaja kubwa mteja ataondoka, nikaona heri ningoje." Alikuwa na haki. Bei zote nilikuwa nazo kichwani, na sikuwahi kumweleza mtu jinsi ninavyozipata.

Ina maana kwamba karakana bila mimi haiuzi 40 kama nilivyodhani. Inauza kama robo ya kawaida, yaani 25. Nikirudia hesabu ya mwezi wa 1, mauzo ya 25 huacha chini kidogo ya 14, pengo la mwezi ni zaidi ya 33, na miezi 3 pamoja na mwezi wa kurejea inafika 108. Shabaha ya 84 ilikuwa ndogo mno, na nisingejua mpaka niugue kweli.

Lakini hesabu hiyo hiyo ilinionyesha upande wa pili, na hapa nilikaa usiku mzima na karatasi. Kila mauzo ya 10 ambayo karakana inaweza kuyafanya bila mimi huacha 5.5 kwa mwezi, na kwa miezi 3 huondoa 16.5 katika shabaha. Kwa mwendo wetu wa kuweka 4 kwa mwezi, 16.5 ni zaidi ya miezi 4 ya kuweka. Tukiweza kuinua mauzo bila mimi kutoka 25 hadi 50, shabaha inashuka kutoka 108 hadi 67. Kumfundisha fundi kukadiria bei kutapunguza hitaji la akiba kwa kiasi ambacho tungekiweka kwa karibu miezi 10.

Mwezi wa 10

Fedha kwanza. Benki imetubadilishia akaunti zote mbili ziwe na watia saini watatu, na wawili kati yao wanatosha: mimi, karani na dada yangu. Karani peke yake hawezi kutoa, na jambo hilo linamlinda yeye pia, kwa maana fedha ikikosekana hatashukiwa mtu mmoja. Dada yangu hafanyi kazi hapa, lakini ana nakala ya kanuni na anajua swali la kuuliza kabla ya kusaini.

Nimeonana pia na mwanasheria kuhusu hati ya kumpa mtu mwingine uwezo wa kutenda kwa niaba yangu katika mikataba na madeni. Alinitahadharisha juu ya jambo ambalo nisingelijua: katika mifumo mingi ya sheria, hati ya kawaida ya aina hiyo hukosa nguvu pale aliyeitoa anapopoteza fahamu au uwezo wa kuamua, isipokuwa iwe imeandikwa kwa namna inayoruhusiwa kuendelea katika hali hiyo. Na mtu akifariki, hati hukoma. Nimetengeneza ile inayoendelea, na suala la kifo nimeliweka katika wosia, ambako ndiko mahali pake.

Kuhusu bima, ipo ya aina inayolipa sehemu ya kipato mtu anapougua, na nimeomba masharti yake. Ina kipindi cha kusubiri kabla ya kuanza kulipa, hivyo hata nikiichukua, wiki za mwanzo bado ni mzigo wa akiba. Sijaamua.

Kisha bei. Tulichukua kadi za kazi 140 za zamani, mimi na fundi mkubwa, tukakaa jioni 5 kuzipanga kwa ukubwa wa mota, uzito wa waya ulioingia, vipuri vilivyobadilishwa na saa zilizotumika. Mpangilio ulikuwepo, na mimi mwenyewe sikuwahi kuuona kwa uwazi namna ile. Tumeandika kurasa mbili: uzito wa waya kwa kila ukubwa, bei ya waya kwa kilo inayosahihishwa kila mwezi, saa za kazi, nyongeza ya vipuri, na kiwango cha chini ambacho bei isishuke. Fundi mkubwa sasa anakadiria peke yake mota zisizozidi kilowati 7.5, ambazo ndizo nyingi. Kubwa zaidi ya hapo bado zinanisubiri, kwa sababu kosa moja katika mota kubwa linaweza kumeza faida ya wiki 3.

Mwezi wa 12

Tarehe 20 tulikuwa tumepokea 44, karibu na mpaka wa 40 lakini juu yake. Hatukufungua akiba. Mwezi ulimalizika kwa 88. Ninarekodi hili kwa sababu kila mmoja wetu alitaka kufungua.

Makadirio 31 ya fundi mkubwa nimeyalinganisha na ambayo ningeyatoa mimi. Mawili yalikuwa chini kupita kiasi, na yote mawili alisahau kuhesabu muda wa kuoka vanishi. Tumeuongeza kwenye kurasa.

Mwezi wa 14

Nimeandika sehemu hii nikiwa nyumbani. Maumivu ya tumbo niliyoyapuuza yalinifikisha kwenye upasuaji, na daktari amenizuia kufanya kazi kwa wiki 7. Akiba ilikuwa 61 siku nilipolazwa, na shabaha mpya ilikuwa 67.

Karani alihesabu siku 5 za kazi kama kanuni inavyosema, kisha akampigia dada yangu. Mishahara ilitoka siku yake. Mimi niliarifiwa baada ya kulipwa, na ninakiri kwamba nililia.

Mauzo ya mwezi yalikuwa 45. Kwa hesabu, pengo lilipaswa kuwa 22, lakini akiba ilitoa 9 tu. Karani alifurahi na akapendekeza tumpe fundi wa pili fedha za kununulia vifaa alivyoomba. Nilimzuia kutoka kitandani. Mwezi wa kwanza wa ugonjwa hudanganya, kwa sababu wateja tuliowafanyia kazi kwa mkopo kabla sijaugua bado wanalipa, na walichotuletea mwezi huu kilizidi tulichowalipa wauza vipuri. Fedha hizo ni za kazi ya jana. Kazi iliyopungua leo itaonekana mwezi ujao.

Mwezi wa 15

Imeonekana. Mauzo yalikuwa 55, zaidi ya mwezi uliotangulia, na hata hivyo akiba ilitoa 27, kwa sababu malipo ya wateja wa mkopo yalikuwa yamepungua. Kama tungetumia ile nafuu ya mwezi wa 14, tungekuwa na wasiwasi mkubwa hivi sasa. Nimerudi kazini wiki ya mwisho, nusu siku, nikikaa kwenye kiti ili nitoe makadirio ya mota kubwa 4 zilizokuwa zikisubiri. Tatu zilikuwa bado zipo. Mwenye moja alishaichukua.

Asilimia 4 imesimamishwa kwa miezi hii. Kuweka kwa mkono mmoja huku unatoa kwa mkono mwingine kungetuchanganyia vitabu tu.

Mwezi wa 16

Mauzo 80. Akiba imetoa 6 na tumeifunga. Jumla ya kilichotoka ni 42, na kilichobaki ni 19. Hatukugusa malipo ya awali ya mteja hata mmoja, na karani amenionyesha kurasa zote za Jumatatu ili nijiridhishe.

Nimelinganisha na hali ambayo ingekuwapo kama ugonjwa ungenikuta kabla ya jaribio. Kwa mauzo ya robo tu katika miezi 2 ya kwanza, pengo lingekuwa zaidi ya 66 kabla hata ya kuufikia mwezi wa kurejea, na akiba ya 61 isingetosha. Hapo sijahesabu kwamba isingefunguka.

Mwezi wa 17

Mauzo 95. Mchango umepanda hadi asilimia 6 mpaka shabaha ifikiwe, na kwa kuwa biashara haibakiwi na kiasi hicho, nimepunguza posho yangu kutoka 12 hadi 10. Akiba ni karibu 25. Kwa mwendo huu itachukua kama miezi 7 kufika 67, na katika muda huo tutakuwa wazi kwa janga la pili. Nimemweleza hivyo mume wangu na dada yangu bila kuficha.

Kwa sababu hiyo nimeanza na kile kinachokwenda haraka kuliko kuweka fedha. Fundi wa pili ameanza kujifunza kurasa za bei kwa kukaa na fundi mkubwa kila mota inapoingia, na fundi mkubwa ameanza na mota za hadi kilowati 15, tukianza na zile ambazo tumewahi kuzisuka na kadi zake zipo. Ile kazi iliyoondoka mwezi wa 15 ilikuwa ya kilowati 11. Jaribio lijalo ni mwezi wa 20, siku 6, simu ikiwa imezimwa.